Mtungi Mmoja wa Maji, Masoko Matatu

Kidato cha Nne: Zoezi la miundo ya soko

Malengo ya zoezi. Ukimaliza zoezi hili uweze:
(a) kutofautisha ushindani kamili, ukiritimba na soko la wauzaji wachache, yaani oligopoli;
(b) kukokotoa bei inayompa mhodhi faida kubwa zaidi;
(c) kueleza kwa nini wauzaji wawili wanaweza kuuza kwa bei moja bila ya kuwepo ushindani kamili.

Tayarisha kalamu, karatasi na kikokotoo. Hesabu zote ni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha.

1. Swali la kuanzia

Wanafunzi wengi hukariri miundo ya soko kwa idadi ya wauzaji: wengi ni ushindani kamili, mmoja ni ukiritimba, wachache ni oligopoli. Jibu hilo si baya, lakini haliwezi kukusaidia swali linapokutaka ueleze *kwa nini* bei iko hapo ilipo. Badala yake, shika swali moja na uliulize katika kila soko: *Muuzaji akibadilisha bei yake leo, wanunuzi watakwenda wapi, na wauzaji wengine watafanya nini?*

Tutaliuliza swali hili kwanza kwa muuza nyanya, kisha kwa mwenye kisima cha maji, na mwisho kwa wenye visima wawili wanaotazamana. Takwimu za nyanya na za visima ni za mfano tu, zimechaguliwa ili hesabu iwe rahisi.

2. Muuza nyanya: ushindani kamili

Nenda kwenye soko lolote kubwa la mboga, kwa mfano Kongowea kule Mombasa au Wakulima jijini Nairobi. Utakuta safu ya wauza nyanya wamekaa bega kwa bega. Nyanya za huyu hazina tofauti na za yule. Mnunuzi anatembea hatua tatu na kusikia bei nyingine. Mtu yeyote mwenye pesa za kreti moja na nafasi ya kutandika gunia anaweza kuanza kuuza kesho.

Chukua mama mmoja katika safu hiyo. Ana kilo 60 za nyanya. Bei ya soko leo ni shilingi 80 kwa kilo. Gharama yake yote kwa kilo, ukijumlisha bei ya kununulia, usafiri, ushuru wa soko na malipo ya jasho lake la siku, ni shilingi 60.

Je, akidai shilingi 85? Wanunuzi watahamia kwa jirani, naye atabaki na nyanya zinazolainika kwenye jua. Je, akishusha hadi 75? Zitaisha upesi, lakini zingeisha hata kwa 80, kwa kuwa kilo 60 ni tone tu katika soko zima. Atakuwa amejinyima shilingi 5 mara kilo 60, yaani shilingi 300, bila sababu. Kwa hivyo hapandishi wala hashushi. Huyu tunamwita *mpokeaji wa bei*: soko ndilo linalompa bei, naye huamua tu auze kiasi gani.

Sasa tazama majirani. Wao hawakujali alipodai 85, wala hawakuhangaika alipotaka kuuza kwa 75. Mmoja hana uzito wa kuwatikisa wengine. Hii ndiyo alama kuu ya ushindani kamili.

Lakini faida ya shilingi 20 kwa kilo haifichiki. Wiki ijayo wauzaji wapya wataleta kreti zao. Ugavi utaongezeka na bei itashuka, tuseme hadi 70, kisha 65, mpaka ikaribie 60. Hapo muuzaji bado analipwa jasho lake, kwa sababu tulilihesabu ndani ya gharama, lakini hakuna tena faida ya ziada ya kumvuta mtu mwingine. Malipo hayo ya kutosha kumweka muuzaji kwenye kazi yake huitwa *faida ya kawaida*.

Tahadhari: hakuna soko la kweli linalotimiza masharti yote ya ushindani kamili. Mama huyu anaweza kumwongezea mteja nyanya mbili za nyongeza, na huko ni kupunguza bei bila kuitangaza. Anaweza kumkopesha mteja anayemjua hadi mwisho wa mwezi. Meza iliyo karibu na lango pia huuza zaidi. Katika mtihani, sema kwamba soko la mboga *linakaribia* ushindani kamili.

3. Mwenye kisima: ukiritimba

Sasa twende katika kijiji kikavu chenye kisima kimoja tu cha pampu. Mto uko mbali, na maji yake ni machafu. Mwenye kisima huuza maji kwa mtungi wa lita 20. Kila mtungi humgharimu shilingi 2 za dizeli na ujira wa kijana anayeendesha pampu. Gharama ya kuchimba kisima tuiweke kando kwanza, tutairudia.

Jedwali hili linaonyesha watu wangenunua mitungi mingapi kwa siku katika kila bei. Funika safu ya mwisho kwa kiganja, ukokotoe mwenyewe, kisha ulinganishe.

| Bei ya mtungi (sh.) | Mitungi inayouzwa | Mapato (sh.) | Gharama (sh.) | Faida (sh.) |
|---|---|---|---|---|
| 4 | 500 | 2,000 | 1,000 | 1,000 |
| 6 | 400 | 2,400 | 800 | 1,600 |
| 8 | 300 | 2,400 | 600 | 1,800 |
| 10 | 200 | 2,000 | 400 | 1,600 |
| 12 | 100 | 1,200 | 200 | 1,000 |

Kosa ambalo watahini hukutana nalo mara nyingi ni sentensi hii: "Mhodhi hutoza bei yoyote anayotaka." Jedwali linaikanusha. Akitoza 12 anapata faida ya shilingi 1,000 tu. Mhodhi ana uwezo wa kuchagua bei *au* kiasi, lakini hawezi kuchagua vyote viwili. Akipandisha bei, wanakijiji watapunguza kufua, watatumia maji ya kuoshea vyombo mara mbili, au watawatuma watoto mtoni.

Bei inayomfaa ni 8. Tuangalie kwa nini hashuki hadi 6. Akishuka, atauza mitungi 100 zaidi. Kila mmoja wa hiyo utamletea shilingi 6, atoe gharama ya 2, abaki na 4. Hiyo ni nyongeza ya shilingi 400. Lakini ile mitungi 300 aliyokuwa akiiuza kwa 8 sasa lazima aiuze kwa 6. Anapoteza shilingi 2 kwa kila mmoja, jumla 600. Amepata 400, amepoteza 600, na faida imepungua kwa 200. Angalia jedwali: kutoka 1,800 hadi 1,600. Hesabu imekubali.

Hapa ndipo mhodhi anapotofautiana na muuza nyanya. Muuza nyanya akitaka kuuza kilo moja zaidi, huiuza kwa bei ile ile ya soko. Mhodhi akitaka kuuza mtungi mmoja zaidi, lazima ashushe bei ya mitungi yote. Ndiyo maana mapato anayopata kwa mtungi wa ziada huwa madogo kuliko bei yake, naye huamua kuuza kidogo kwa bei ya juu.

Je, wanakijiji wanapoteza nini? Ukifuata mwendo wa jedwali, kila bei inaposhuka kwa shilingi 2, wanunuzi huongeza mitungi 100. Kwa hivyo bei ingekuwa shilingi 2, sawa na gharama, watu wangenunua mitungi 600. Kwa bei ya 8 wananunua 300. Mitungi 300 haiuzwi, ingawa wapo watu ambao wako tayari kuilipia zaidi ya shilingi 2 inayogharimu. Pesa za ziada anazolipa mteja zinaingia mfukoni mwa mwenye kisima. Hizo zimehama tu. Lakini ile mitungi 300 haimfaidi yeyote. Hiyo ndiyo hasara halisi ya ukiritimba, na aliyebeba ndoo kwenda mtoni anaijua.

Sasa turudi kwenye gharama ya kuchimba. Kwa nini majirani hawachimbi visima vyao na kushusha bei, kama walivyofanya wauza nyanya? Kwa sababu kreti ya nyanya hununuliwa kwa akiba ya wiki chache, lakini kisima kirefu huhitaji mtambo, mabomba, pampu na kibali. Hicho ni *kizuizi cha kuingia sokoni*. Zaidi ya hayo, kama visima vingi vingechimbwa na bei ikaanguka hadi 2, hakuna hata mmoja angerudisha pesa za kuchimbia. Soko la namna hii, ambamo gharama ya kuanza ni kubwa na mtoaji mmoja anaweza kuhudumia wote kwa gharama ndogo kuliko wengi, huitwa *ukiritimba wa kiasili*.

Mfano ulio juu ya kichwa chako ni nyaya za umeme. Kuweka milingoti ya kampuni mbili katika barabara moja kungekuwa kuharibu mali. Ndiyo sababu nchini Kenya nyumba nyingi zilizounganishwa na umeme wa taifa huuziwa na kampuni moja, Kenya Power, lakini kampuni hiyo haijipangii bei. Bei za umeme huidhinishwa na mamlaka ya kudhibiti kawi na mafuta, EPRA.

4. Visima viwili: oligopoli

Baada ya miaka kadhaa, mtu wa pili anachimba kisima ng'ambo ya barabara. Tumwite B, na yule wa kwanza tumwite A. Maji ni yale yale, gharama ni shilingi 2 kwa kila mtungi kwa wote wawili, na wanunuzi ni wale wale wa jedwali letu.

Kama wote wawili watauza kwa 8, watagawana mitungi 300. Kila mmoja atauza 150 na kupata faida ya shilingi 6 mara 150, yaani 900.

Usiku A anawaza: nikishusha hadi 7, kila mtu atakuja kwangu. Kwa bei ya 7 watu hununua mitungi 350. Faida ni shilingi 5 mara 350, yaani 1,750. B atapata sufuri.

Lakini B naye hulala akiwaza. Kesho yake anashusha hadi 7 au hata 6. Kushindana kwa namna hii kunapoendelea, tunasema ni *vita vya bei*. Kwa shilingi kamili, vita hivi vitakoma kwenye bei ya 3. Hapo mitungi 550 inagawanywa, kila mmoja anauza 275 kwa faida ya shilingi 1, naye anapata 275. Kushuka zaidi hadi 2 kungemwachia sufuri, kwa hivyo hakuna anayeona sababu ya kuendelea.

Linganisha: walikuwa wakipata 900 kila mmoja, sasa wanapata 275. Wanakijiji walikuwa wakinunua mitungi 300, sasa wananunua 550.

Je, ni lazima vita vitokee? Hapana. A na B si wapita njia. Wanaonana kila siku, na kila mmoja anasoma kibao cha bei cha mwenzake. A akishusha hadi 7, atapata ziada ya shilingi 850 siku hiyo, yaani 1,750 toa 900. Lakini vita vikianza na bei ikaanguka hadi 3, atapoteza shilingi 625 kila siku, yaani 900 toa 275. Kufikia jioni ya siku ya pili ya vita, hasara itakuwa 1,250 na ile ziada yote imeliwa. A akipiga hesabu hii, ataiacha bei kwenye 8. B akipiga hesabu hiyo hiyo, ataiacha pia. Hakuna aliyezungumza na mwenzake, na bado wanatoza bei ya mhodhi.

Sasa jibu swali letu la kuanzia. Katika soko la nyanya, mmoja akibadilisha bei, wengine hawana habari. Katika ukiritimba, hakuna wengine. Katika oligopoli, mmoja akibadilisha bei, *mwenzake hujibu*. Kila muuzaji huamua huku akikisia jibu la mshindani wake. Kutegemeana huku ndiko kunakoifanya oligopoli kuwa oligopoli, si ile idadi ya wawili, watatu au wanne.

Kwa kuwa wanaogopana kwenye bei, A na B watashindana kwa njia nyingine. A atafungua alfajiri. B ataleta mkokoteni wa kupeleka maji mpaka mlangoni. Mmoja atapaka kisima rangi na kuandika kwamba maji yake ni matamu. Ndivyo ilivyo katika biashara kubwa pia: bei hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, huku matangazo, zawadi na huduma zikibadilika kila msimu.

Iwapo A na B watakutana na kukubaliana bei, mambo yanabadilika. Huko ni kula njama, na kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 ni kosa nchini Kenya kwa washindani kupanga bei pamoja. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ndiyo yenye kazi ya kuchunguza. Ugumu wake unauona: bei ya 8 kwa 8 inaonekana sawa tu, iwe wamekula njama au kila mmoja amepiga hesabu peke yake. Mchunguzi lazima atafute mkutano, barua au ujumbe. Kibao cha bei pekee hakitoshi.

5. Vita vya bei vya mwaka 2010

Kenya imewahi kuona hadithi ya A na B kwenye simu za mkononi. Mwaka 2010 kulikuwa na mitandao minne: Safaricom, Zain, Orange na Yu. Mteja wa mtandao mmoja anapompigia wa mtandao mwingine, mtandao wa kwanza huulipa wa pili ada ya kuunganisha simu hiyo. Mwaka huo Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilipunguza ada hiyo kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika.

Fikiria kama mwenye kisima: gharama imeshuka. Mwezi Agosti, Zain, ambayo baadaye mwaka huo iligeuzwa jina kuwa Airtel, ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika. Safaricom, iliyokuwa na wateja wengi zaidi, haikungoja. Nayo ilishusha bei zake. Hilo ndilo jibu la mshindani tulilolizungumzia. Muuza nyanya mkubwa kuliko wote sokoni asingemjibu jirani aliyeshusha bei, lakini mtandao mkubwa ulilazimika kuujibu ule mdogo.

Mwaka 2014 mtandao wa Yu uliondoka sokoni, na mali zake zikanunuliwa na Safaricom na Airtel. Usiandike kwamba vita vya bei pekee ndivyo viliuondoa. Andika kwamba katika oligopoli bei ya chini huwafurahisha wateja leo, lakini mtoaji mdogo asiyeweza kurudisha gharama za minara na mitambo anaweza kutoka, na wauzaji wakabaki wachache zaidi.

6. Mtego: bei zinazofanana

Vituo viwili vya mafuta katika mji mmoja vinauza petroli kwa bei moja. Wanafunzi wengi huandika: "Bei ni sawa, kwa hivyo ni ushindani kamili." Kabla ya kuandika hivyo, kumbuka kwamba bei zinaweza kufanana kwa sababu tatu tofauti kabisa.

Kwanza, wauzaji ni wengi na hakuna mwenye uwezo wa kuibadilisha, kama nyanya. Pili, wauzaji ni wachache na wanaogopana au wamekula njama, kama A na B kwenye bei ya 8. Tatu, serikali imeweka kikomo, na wauzaji wote wamesimama kwenye kikomo hicho. Kwa petroli ya Kenya, sababu ya tatu ndiyo ya kwanza kuitazama: EPRA hutangaza bei ya juu kabisa tarehe 14 ya kila mwezi, nayo hutumika kwa mwezi unaofuata.

Utatofautishaje? Tazama bei inavyohusiana na gharama. Kwenye ushindani kamili bei hukaa karibu na gharama. Kwenye njama au ukimya wa wachache hukaa mbali juu yake. Tazama pia kama kuna wauzaji wapya wanaoingia. Na tazama kama kuna tangazo la serikali.

7. Maswali

1. Eleza kwa nini muuza nyanya aliye kwenye ushindani kamili hana sababu ya kushusha bei chini ya bei ya soko. (alama 3)
2. Mwenye kisima pekee anafikiria kutoza shilingi 9, ambapo angeuza mitungi 250. Kokotoa faida yake na umshauri. (alama 3)
3. Kaunti inamwamuru mwenye kisima pekee asitoze zaidi ya shilingi 5. Kwa bei hiyo watu hununua mitungi 450. Kokotoa faida yake, kisha ueleze kwa nini kiasi kinachouzwa kimeongezeka. (alama 5)
4. Dizeli imepanda na gharama ya mtungi sasa ni shilingi 4. Tafuta bei mpya inayomfaa mwenye kisima pekee kati ya 8, 9 na 10. Je, gharama yote ya ziada imempata mteja? Linganisha na soko la visima vingi. (alama 6)
5. Maduka matatu ya mtaa mmoja yanauza mkate wa kampuni moja kwa bei moja. Taja mambo mawili ambayo ungechunguza kabla ya kusema soko hilo ni la aina gani, na utoe sababu. (alama 4)

8. Majibu ya kielelezo

1. Kiasi chake ni kidogo sana kikilinganishwa na soko zima, kwa hivyo anaweza kuuza nyanya zake zote kwa bei ya soko. Akishusha, anapoteza tofauti ya bei kwa kila kilo bila kupata mauzo ambayo asingeyapata.

2. Faida ni (9 − 2) × 250 = shilingi 1,750. Ni pungufu ya 1,800 anayopata kwa bei ya 8. Abaki kwenye 8.

3. Faida ni (5 − 2) × 450 = shilingi 1,350. Kabla ya amri, mhodhi alizuia mauzo ili kuilinda bei ya juu. Sasa hawezi kupata bei hiyo hata akiuza kidogo, na kila mtungi bado unamletea shilingi 3 juu ya gharama, kwa hivyo inamfaa kuwauzia wote wanaotaka. Kumbuka kwamba hili hutokea kwa kuwa kikomo kiko *juu* ya gharama. Kikomo kikiwekwa chini ya gharama, muuzaji wa soko lolote ataacha kuuza na upungufu utatokea.

4. Kwa bei ya 8: (8 − 4) × 300 = 1,200. Kwa 9: (9 − 4) × 250 = 1,250. Kwa 10: (10 − 4) × 200 = 1,200. Bei mpya ni 9. Gharama imepanda kwa shilingi 2, lakini bei imepanda kwa 1 tu. Nusu nyingine imemlia mhodhi faida yake. Katika soko la visima vingi, ambamo bei ni sawa na gharama, hakuna faida ya ziada ya kupunguzwa, hivyo bei ingepanda kwa shilingi 2 zote, kutoka 2 hadi 4. Usidhani kwamba mhodhi amekuwa mwema: bei yake ya 9 bado ni zaidi ya mara mbili ya 4.

5. (i) Ni nani aliyepanga bei: kama ni kampuni ya mikate iliyoipendekeza kwa maduka yote, basi soko la kuchunguza ni la waokaji wala si la wenye maduka. (ii) Nini hutokea duka moja likishusha bei: kama mengine hayajali, soko linakaribia ushindani kamili; kama mengine hushusha papo hapo, hiyo ni dalili ya oligopoli. Jibu la gharama likilinganishwa na bei, au la urahisi wa kufungua duka jipya, lipewe alama pia iwapo sababu imetolewa.